Ahadi ya Alhamisi kwenye ukurasa wa Jumatatu: kisa cha duka la vifaa vya ujenzi Likoni

Duka lenyewe liko Likoni, karibu na barabara inayoteremka kwenye feri. Linauza simiti, nondo, misumari, mabomba, rangi na kufuli, na huagiza mabati ya rangi kwa wateja wanaoyataka kwa kipimo maalumu. Wanaofanya kazi hapo ni wanne: mama mwenye duka, binti yake anayekaa kaunta, kijana wa stoo, na mzee wa mkokoteni anayelipwa kwa mzigo. Programu ya kupangia kazi hawana. Wana kitabu kimoja kikubwa chenye jalada gumu, kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye droo, simu ya mama, na kompyuta ya zamani iliyoko nyumbani.

Mimi huwafanyia hesabu maduka madogo, na hapa niliitwa kwa ajili ya hesabu za mwisho wa mwezi. Nilichokikuta ni ugomvi. Fundi mmoja wa paa kutoka Mtongwe alikuwa ameacha amana siku ya Jumatatu kwa mabati 24 ya rangi, ya mita 3 kila moja, akaahidiwa Alhamisi. Alhamisi saa tatu asubuhi akaja na pikapu, na vijana wake wanamngoja juu ya mbao. Mabati hayakuwapo. Hayakuwa hata yameagizwa.

Mama alimgeukia bintiye. Binti akafungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole: "Mama, mbona niliandika! Hii hapa." Na kweli ilikuwepo, kwa hati nzuri: jina la fundi, idadi, rangi, amana, na neno "Alhamisi" limepigiwa mstari chini.

Nimeona maduka mengi ambayo, baada ya tukio kama hili, mwenye duka huamua kwamba wafanyakazi ni wazembe au kwamba karatasi imepitwa na wakati. Hapa hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa kweli. Binti aliandika mara moja, tena vizuri. Hitilafu ilikuwa kwenye mpangilio wa kitabu chenyewe, na kwa kuwa mpangilio huo ndio ulioko katika maduka mengi, unastahili kutazamwa polepole.

Kitabu kilichojua kila kitu ila cha leo

Kila siku ilikuwa na ukurasa wake. Tarehe juu, kisha mistari kwa mfuatano wa mambo yalivyotokea: mteja amechukua simiti mifuko 6 kwa mkopo, mpigie yule wa tanki, tokeni za umeme zimebaki kidogo, fundi wa Mtongwe mabati 24 Alhamisi, kufuli za inchi mbili zimekwisha. Siku yenye shughuli nyingi ukurasa ulijaa na kupinduka.

Kitabu cha namna hii hujibu vizuri sana swali la "Jumatatu tulipokea nini?" Swali ambalo duka linalihitaji kila asubuhi ni jingine: "Leo tunadaiwa nini?" Na swali hilo kitabu hakiwezi kulijibu, kwa sababu ahadi imeandikwa kwenye siku ilipopokelewa wala si kwenye siku inapotakiwa. Alhamisi asubuhi binti alifungua ukurasa mpya, mweupe, na ukurasa mweupe ulimwambia kwamba hakuna deni. Ili aione ahadi ya mabati ingembidi asome tena Jumatatu, Jumanne na Jumatano mstari kwa mstari. Mazoea yao yalikuwa kuangalia ukurasa mmoja tu nyuma, wa jana. Kwa hiyo ahadi ya kesho ilikuwa salama, na ahadi ya siku mbili au tatu mbele ilikuwa hatarini kila mara.

Tulipopitia kurasa za nyuma pamoja, hilo lilijidhihirisha. Mambo ya siku hiyohiyo na ya kesho yake yalikuwa yamekatwa mstari karibu yote. Yaliyobaki wazi ni yale yenye siku ya mbali: kioo cha Jumamosi, mteja wa kupigiwa "wiki ijayo", mabomba ya kurudishwa kwa muuzaji wa jumla. Ukitaka kujua kama duka lako lina ugonjwa huu, fanya hivyohivyo: rudi kurasa za wiki mbili zilizopita na utazame mistari isiyokatwa ni ya aina gani. Ikiwa imetawanyika ovyo, huenda tatizo ni la mtu. Ikiwa karibu yote ni ya siku za mbele, tatizo ni la kitabu.

Kulikuwa na kasoro ya pili ndani ya hiyo ya kwanza. Hata kama binti angeinakili ahadi kwenye ukurasa wa Alhamisi, mabati bado yasingekuwepo. Kazi ya Alhamisi ilianza Jumatatu. Jumatatu ilitakiwa amana ipelekwe kwa muuzaji wa jumla wa kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri, ili akate mabati. Jumanne kumpigia kuhakikisha yamekatwa. Jumatano kuvuka na gari kuyachukua. Alhamisi kumkabidhi fundi. Siku ya ahadi ni ya mteja. Duka linahitaji siku ya hatua inayofuata, na hiyo hubadilika kila hatua inapokwisha.

Karatasi ya leo, lahajedwali la kuanzia kesho

Mama alitaka tuhamishie kila kitu kwenye simu. Nilimwomba asifanye hivyo. Kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ina vumbi la simiti, wateja wawili wanaongea kwa pamoja, na simu yenyewe ndiyo inayopokea ujumbe wa M-Pesa. Mtu akilazimika kufungua jedwali ili aandike "mpigie wa tanki", hataandika. Kalamu iliyofungwa kwa uzi inashinda hapo.

Kwa hiyo tuligawanya. Kitabu kilibaki kaunta, na kazi yake ni leo tu. Chochote kinachosemwa au kuahidiwa huandikwa humo papo hapo na yule aliyekipokea, kabla hajapokea pesa, hata kama ni kijana wa stoo anayeshika kaunta wakati wengine wamekwenda kuswali. Zamani alisubiri binti arudi amweleze kwa mdomo, na mengi yalipotea katikati.

Jioni kabla ya kufunga, kila mstari wa siku hiyo lazima upate alama moja kati ya tatu. Uliokwisha hukatwa mstari. Ulioghairiwa huwekewa msalaba na neno moja la sababu. Ambao haujakwisha huwekewa mshale, na mshale maana yake ni kwamba umeandikwa kwenye lahajedwali. Hakuna mstari unaoruhusiwa kulala bila alama. Ukurasa ukishatimia alama, haufunguliwi tena kutafuta kazi.

Kanuni hiyo ina faida ambayo haionekani upesi: kila kazi inakaa mahali pamoja tu. Duka linaloweka kazi ileile kwenye kitabu, kwenye simu na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani huishia kuikata pahala pamoja na kuiacha hai kwingine, kisha hakuna anayejua upi ni ukweli. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo ya duka huisha siku hiyohiyo, yanayovuka kwenda kwenye lahajedwali kila jioni ni machache. Mama huyaingiza akiwa amekaa, kelele zimetulia.

Lahajedwali tulilitengeneza kwenye Google Sheets. Mstari mmoja ni ahadi moja, na safu ni saba: A ni mteja, B ni kilichoahidiwa, C ni siku ya ahadi, D ni hatua inayofuata, E ni siku ya hatua hiyo, F ni nani anayeifanya, G ni hali. Hali huchaguliwa kutoka orodha fupi ya maneno manne, yaani bado, inangoja, imekwisha, imefutwa. Orodha hiyo huwekwa kwa kompyuta kupitia Data, kisha Data validation, ili mmoja asiandike "imeisha" na mwingine "tayari". Fomula hailijui neno isilofundishwa.

Safu ya nane, H, hujijaza yenyewe:

```
=IF(A2="","",IF(OR(G2="imekwisha",G2="imefutwa"),"",
IF(NOT(ISNUMBER(E2)),"TAREHE?",
IF(E2<TODAY(),"IMEPITA",IF(E2=TODAY(),"LEO","")))))
```

Inasema hivi: mstari mtupu usiuguse, uliokwisha au kufutwa uuache, kama siku ya hatua haipo au si tarehe halisi, uliza, kama siku imepita, sema, kama ni leo, sema. Asubuhi mama huchuja safu ya H aone LEO, IMEPITA na TAREHE? peke yake, na kuyanakili hayo kwa mkono juu ya ukurasa mpya wa kitabu. Ukurasa mweupe haupo tena. Binti anapofungua duka, madeni ya siku yako juu na nafasi ya mapya iko chini.

Kunakili kwa mkono kunaonekana kama kazi ya bure, na mama alilalamika. Mimi niliutetea utaratibu huo kwa nguvu. Anayenakili mistari minne anaisoma minne, na mstari unaoandikwa upya asubuhi ya tatu mfululizo unaanza kumchosha mkono, naye anaamua: ufanyike leo, apewe mtu mwingine, au mteja aambiwe haiwezekani. Orodha inayojisogeza yenyewe kwenda kesho haimlazimishi mtu kuamua chochote.

Sasa turudi kwa mabati, kama yangeingia humu. Jumatatu jioni mstari ungesoma: fundi wa Mtongwe, mabati 24 ya mita 3, Alhamisi, hatua "tuma amana kwa muuzaji", Jumatatu, mama, bado. Mama akishatuma amana, hafungui mstari mpya. Anabadilisha safu ya D kuwa "piga kuuliza kama yamekatwa", E kuwa Jumanne, na hali kuwa inangoja. Neno "inangoja" lina hatari yake, kwa sababu humfanya mtu ajione ameshamaliza sehemu yake. Ndiyo maana hata mstari unaongoja lazima uwe na siku ya kuuliza, na usipokuwa nayo, H itaandika TAREHE?. Jumatano mstari uleule ungekuwa "Vuka: chukua mabati", jina la kijana wa stoo pembeni.

Tarehe zilizodanganya

Mfumo huu ulipoanza kutumika ulipata hitilafu moja ambayo ingeweza kuumaliza, kwa sababu haikuonekana. Ahadi ya tarehe 6/3 haikutokea asubuhi ya tarehe 6 Machi. Haikuwa LEO, na kesho yake haikuwa IMEPITA.

Lahajedwali lilikuwa limefunguliwa na akaunti iliyowekwa kwa desturi ya Marekani, ambapo mwezi hutangulia siku. Mama aliandika 6/3 akimaanisha Machi, jedwali likahifadhi Juni 3, likatulia kimya likisubiri Juni. Tarehe kama 25/3 ilipatwa na jambo tofauti: mwezi wa 25 haupo, basi jedwali likaichukua kama maandishi ya kawaida. Na maandishi yakilinganishwa na tarehe ndani ya fomula huhesabiwa makubwa daima, kwa hiyo bila ile sehemu ya ISNUMBER mstari huo usingepita kamwe wala kufika leo. Ungebaki mtupu milele.

Makosa haya mawili hayatambuliki kwa namna moja. Tarehe iliyogeuka maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, na tarehe halisi hukaa kulia, ilimradi hakuna aliyebadilisha mpangilio. Pia fomula yetu huiandikia TAREHE?. Tarehe iliyobadilishwa mwezi haitambuliki kwa jicho hivyo, kwani ni tarehe halali kabisa. Hiyo dawa yake ni mipangilio yenyewe: kwenye kompyuta, File, kisha Settings, Locale iwe United Kingdom ambako siku hutangulia mwezi, na Time zone iwe ya Nairobi. Baada ya hapo safu za C na E tulizipa sura inayoonyesha jina la mwezi, "6 Mar", ili mtu aone alichohifadhi badala ya kukisia.

Saa nayo haipuuziki. Jedwali lililoachwa kwenye saa za pwani ya magharibi ya Marekani huendelea kuamini kwamba ni jana mpaka saa nne au saa tano asubuhi ya Mombasa. Duka linalofunguliwa saa moja litapata orodha ya jana kila siku, na watu watasema fomula ni mbovu.

Jambo jingine la kukwepa ni kupanga mistari kwa kuchagua safu moja peke yake. Tarehe zitahama na wateja watabaki pale pale, na fundi wa Mtongwe atajikuta na tarehe ya mtu wa tanki. Kuchuja kunatosha, kupanga hakuna haja.

Kuvuka mara moja

Kwa maduka ya upande huu wa Likoni kuna faida ya pekee. Vitu vingi vya kuagizwa viko kisiwani, na kuvuka kwa feri hula muda usiotabirika. Mtu wa miguu halipi, lakini saa mbili za kijana wa stoo si bure, na gari hulipa. Kabla ya hapo kijana alikuwa akivuka kwa ajili ya rangi, akirudi anaambiwa, "Kwani kufuli hukuchukua?"

Tulikubaliana kwamba kila hatua inayofanyika kisiwani ianze na neno "Vuka" katika safu ya D. Siku mtu anapovuka, mama huchuja mistari yenye neno hilo, bila kujali siku yake. Hapo hutokea ya leo, ya kesho na ya keshokutwa, na yote yanayobebeka huchukuliwa safari moja. Orodha anapewa kwenye kipande cha karatasi, kwa maana katika msukumano wa kuingia ferini simu inafaa kukaa mfukoni.

Kazi zisizo na mteja

Kuna kazi zinazojirudia kila siku, na hizi hatukuziingiza kabisa kwenye lahajedwali. Zikiingia humo hujaza orodha kwa mambo ambayo hayasahauliki kwa namna ile ile, na jicho huzoea kuruka mistari. Hizi zina karatasi moja ya mwezi, iliyobandikwa ndani ya mlango wa stoo: kazi upande wa kushoto, siku 1 hadi 31 kwenda kulia.

Karatasi za namna hii huwekewa tiki, na tiki hudanganya. Ukiona tiki za siku sita zimenyooka, wino mmoja, mkono mmoja, ukubwa mmoja, zimewekwa Jumamosi kwa mkupuo. Kwa hiyo mahali pa tiki tuliweka namba. Badala ya "droo imehesabiwa", kiasi kilichomo. Badala ya "tokeni zimeangaliwa", uniti zilizobaki kwenye mita. Kwa simiti, ambayo katika unyevu wa hapa hushika mabonge mapema, kijana huandika mifuko mingapi ya zamani imebaki mbele, maana ya zamani lazima itoke kwanza na mipya ipangwe nyuma, juu ya mbao na mbali na ukuta. Namba haiandikiki bila kwenda kutazama, na anayebuni hukamatwa na namba ya kesho yake isiyoafikiana nayo.

Mipaka yake

Mpango huu unaweza kubeba ahadi ambazo mtu mmoja anaweza kuzisoma zote kwa dakika chache. Unategemea mama aingize mishale kila jioni. Akisafiri, binti lazima awe anaweza, na faili iwekwe Make available offline kwenye simu zote mbili kwa ajili ya siku mtandao ukikatika. Madeni ya wateja yamebaki kwenye daftari lake la mkopo, kwani deni lina hesabu na ahadi ina siku. Faili pia ina majina na namba za simu za watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo imeshirikishwa kwa akaunti mbili tu, si kwa kiungo cha yeyote atakayekipata.

Asiye na simu ya kutosha wala kompyuta anaweza kupata sehemu kubwa ya haya kwa daiari iliyochapishwa tarehe. Siri ni kuandika kazi kwenye ukurasa wa siku ya hatua, hata kama ukurasa huo uko wiki mbili mbele, na hatua ikiisha kuandika inayofuata kwenye siku yake. Kinachokosekana ni kuona mambo yote ya mteja mmoja kwa pamoja anapopiga simu ghafla. Kwa hilo, kurasa za mwisho za daiari huwekewa majina ya wateja na tarehe za kurasa zao.

Mistari iliyokwisha haifutwi. Mwisho wa mwezi mama huihamishia ukurasa wa pili wa faili ileile, na huko ameongeza safu ya siku mzigo ulipotoka kweli. Kwa kuilinganisha na siku ya ahadi ameona kwamba kwa mabati ya rangi ucheleweshaji hauanzii Likoni: muuzaji wa jumla huhitaji siku zaidi ya zile anazozitaja kwenye simu. Sasa mteja wa mabati ya kukatwa huambiwa siku tano badala ya tatu, na huambiwa kabla amana haijapokelewa.